Lugha ya Watu wa Pangoni: Jinsi ya Kuunda Lugha ya Kubuni na Misimu Yake kwa Ajili ya Tamthilia

Mtunzi wa Kiswahili anapoandika tamthilia ya fantasia au ya kisayansi na kuamua kuwapa watu wake lugha yao, kosa lake kubwa kwa kawaida halitokani na uhaba wa maneno. Maneno huyapata kwa urahisi. Hukaa jioni moja akabuni mia moja yenye sauti ngeni. Kisha huyapanga kama yanavyopangwa maneno ya Kiswahili: kiambishi mwanzoni mwa nomino, kitenzi kilichobeba mtenda na wakati, kivumishi nyuma ya nomino, na silabi zote zikiishia kwa irabu. Kinachotoka hapo ni Kiswahili kilichobadilishwa maneno tu, na msikilizaji huligundua hilo hata kama hajawahi kusoma isimu, kwa sababu sikio lake limezaliwa ndani ya mpangilio huohuo.

Mwongozo huu unaonyesha njia ya kuliepuka kosa hilo. Nitatumia mfano mmoja nilioutunga kwa ajili ya makala haya: kabila linaloishi katika mapango yasiyofikiwa na mwanga, ambamo hatari kubwa mbili ni mafuriko na mawe yanayoporomoka. Pale inapofaa nitaulinganisha na lugha zilizotungwa na wataalamu kwa ajili ya filamu na tamthilia zinazojulikana.

Hatua ya kwanza: anza na mswada, acha kamusi

Kabla ya kubuni neno hata moja, pitia mswada wote na uandike kando kila mstari utakaosemwa kwa lugha hiyo, pamoja na kila jina la mtu, mahali na kitu ambalo mwandishi amekwisha kulitumia. Majina hayo yana uzito kuliko unavyodhani, kwa kuwa hayabadilishiki tena. David Peterson alipopewa kazi ya kutunga Kidothraki mwaka 2009 kwa ajili ya tamthilia ya Game of Thrones, iliyoanza kurushwa mwaka 2011, alikuta riwaya zilizozaa tamthilia hiyo zimekwisha kuwa na maneno machache ya lugha hiyo, mengi yake yakiwa majina. Hakuyatupa. Aliyachunguza kama mtafiti anayekutana na lugha asiyoijua, akauliza ni sauti zipi zinazojirudia na ni vipande vipi vinavyofanana, kisha akajenga sarufi ambayo ndani yake majina hayo yangeweza kuzaliwa. Ndiyo maana neno Dothraki lenyewe lina maana ndani ya lugha hiyo: ni wingi wa neno linalomtaja mpanda farasi.

Orodha ya mistari itakusaidia pia kujua ukubwa wa kazi. Tamthilia yenye mistari 40 mifupi haihitaji kamusi ya maneno 3,000. Kwa uzoefu wangu, mizizi 60 hadi 80 iliyochaguliwa vizuri inatosha, ilimradi lugha iwe na njia ya kuzalisha maneno mapya kutoka kwenye mizizi hiyo.

Hatua ya pili: chagua sauti, na hasa sauti za kuacha

Watunzi wengi hufikiri kwamba lugha huwa ngeni kwa kuongezewa sauti ngumu. Mara nyingi ni kinyume chake: lugha huwa ngeni kwa kukosa sauti ambazo msikilizaji anazitarajia. Kwa watu wetu wa pangoni nimeondoa sauti zote zinazotamkwa kwa midomo, yaani p, b, m, f, v na w. Jambo hili lipo duniani. Kimohawk cha Amerika Kaskazini, kwa mfano, kwa asili hakina p, b wala m.

Kwa mtunzi wa Kiswahili uamuzi huo mmoja unafanya kazi kubwa. Fikiria ni viambishi vingapi vya ngeli vinavyoanguka mara moja: m-, wa-, mi-, vi-, ma-, pa-, mu-. Hata ukitaka kurudia sarufi ya Kiswahili bila kujua, mlango umefungwa.

Zinazobaki ni konsonanti kumi: t, d, k, g, s, sh, kh, n, r na l. Irabu nimeziacha tatu tu: a, i na u. Silabi inaruhusiwa kufungwa kwa konsonanti, lakini konsonanti mbili hazikai pamoja ndani ya silabi moja. Mkazo huwa kwenye silabi ya kwanza ya neno. Kanuni hii ya mkazo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayosikika haraka kuliko zote, kwa sababu sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likikazwa mwanzoni linasikika limetoka ugenini hata kabla ya kueleweka.

Baada ya kupata sauti, tunga majina matatu au manne na uyatamke mbele ya watu. Jina la kwanza nililolifikiria kwa kabila hili lilikuwa Takhir. Kanuni zote za sauti linazifuata, lakini Mswahili akilisikia atakumbuka kutahiri, na tukio zito la kwanza la tamthilia lingeishia kwenye vicheko. Nililitupa. Jaribio kama hilo lifanywe pia na wasemaji wa lugha za jirani, kwa kuwa silabi mbili zisizo na maana kwako zinaweza kuwa tusi kwa jirani yako. Na usidhani kwamba lugha halisi ya mbali ni njia salama ya mkato. Katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka 1983, Mkenya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani, alimsemea rubani mmoja wa sayari ya mbali kwa lugha za kwao Kenya. Kwa watazamaji wa Marekani ilikuwa lugha ya anga za juu. Kwa watazamaji wa Kenya yalikuwa maneno ya nyumbani.

Kabila letu sasa linaitwa Girash, na lugha yake Kigirash.

Hatua ya tatu: fanya maamuzi machache ya sarufi yanayotokana na maisha yao

Sarufi ya lugha ya tamthilia haihitaji kuwa kubwa. Inahitaji kuwa na maamuzi machache yaliyo thabiti, na walau mojawapo litokane na namna watu hao wanavyoishi. Kwa Kigirash nimefanya maamuzi matatu.

La kwanza ni mpangilio wa maneno: kitenzi hukaa mwisho. Msemaji husema “yeye ukuta gusa”. Mpangilio huu ni wa kawaida sana duniani, na nimeuchagua kwa sababu tu ni tofauti na wetu. Marc Okrand alikwenda mbali zaidi alipotunga Kiklingoni cha Star Trek kwa ajili ya filamu ya mwaka 1984: alitanguliza mtendwa, akafuatisha kitenzi, akamweka mtenda mwisho, mpangilio ambao ni adimu sana katika lugha za binadamu, ili wasemaji wake, ambao ni viumbe wa sayari nyingine, wasisikike kama sisi. Girash ni binadamu, hawahitaji hilo.

La pili ni ukanushi: kiambishi ik- huwekwa mbele ya kitenzi. Kwa kuwa mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, ukanushi ndio hukazwa, na mtazamaji huusikia wazi hata akiwa hajui lugha.

La tatu ndilo moyo wa lugha hii. Watu wanaoishi gizani hawawezi kusema “nimeona kwa macho yangu”. Ushahidi wao ni wa aina mbili tu: nimegusa, au nimesikia. Kwa hiyo kila taarifa katika Kigirash lazima imalizike kwa kiambishi kinachotaja ushahidi wa msemaji: -ti ikiwa amegusa, -ru ikiwa amesikia. Hakuna taarifa isiyo na kimojawapo. Amri pekee ndizo zinazosamehewa. Zipo lugha halisi zinazomlazimisha msemaji kutaja chanzo cha habari yake kwa njia kama hii, zikiwemo Kituruki na Kikechua, kila moja kwa namna yake.

Tazama kinachotokea. *Sil* ni maji na *nir* ni kuja. *Sil nirru* ni “maji yanakuja, nayasikia”. *Sil nirti* ni “maji yanakuja, yamenigusa”. Kauli ya kwanza ni onyo, na watu wana muda wa kupanda juu. Kauli ya pili humaanisha kwamba msemaji amekwisha kufikiwa. Silabi moja imebeba tofauti ya uhai na kifo, na mwongozaji anaweza kujenga tukio zima juu yake bila maelezo yoyote.

Hatua ya nne: zalisha maneno kutoka kwenye mizizi

Hapa ndipo lugha nyingi za kubuni hudhoofika. Mtunzi hubuni neno jipya kwa kila neno la Kiswahili: moja la shahidi, moja la mtungi, moja la kaburi, na yote hayahusiani. Lugha ya watu haiko hivyo. Sisi wenyewe kutoka kwenye kusoma tunapata msomi, masomo, usomaji na somo, na kila mmoja wetu anahisi undugu wa maneno hayo.

Kigirash kina kiambishi tamati -ash, kinachomtaja mtu wa kitu fulani, na -u, kinachotaja mahali. *Gir* ni jiwe. Girash ni watu wa jiwe. *Nag* ni kugusa. *Nagash* ni mgusaji, nalo ndilo neno lao la shahidi. *Lakh* ni kuanguka. *Lakhu* ni mahali pa kuangukia, yaani shimo, na kwa kuwa wazee wa kabila hawapendi kutaja kifo waziwazi, *lakhu* limekuwa pia neno la kaburi. *Tush* ni kuegemea, na kwa watu ambao maisha yao hutegemea uimara wa kuta, kuegemea ndiko kuamini. Hakuna neno jingine la kuamini.

Jiulize pia ni maneno gani ambayo lugha hii haiyahitaji. Kidothraki hakina neno la kusema asante, na katika salamu zake mtu huulizwa kama anapanda farasi vizuri leo. Kigirash hakina maneno ya rangi. Mswada wako ukiwa na mstari unaotaja nyekundu, usibuni neno la nyekundu. Mrudie mwandishi na mkubaliane kwamba mtu huyu angetaja joto, harufu au mguso.

Hatua ya tano: tafsiri mstari mmoja mpaka mwisho

Tuseme mswada una mstari huu, unaosemwa na mama akimwonya bintiye: “Usimwamini yule. Hakuugusa ukuta.” Tunahitaji maneno mawili zaidi: *ra*, yule, na *kal*, ukuta.

Sentensi ya kwanza ni amri, kwa hiyo haina kiambishi cha ushahidi: *Ra iktush*, yaani “yule usiegemee”.

Sentensi ya pili ni taarifa, nayo inatusimamisha. *Ra kal iknag-*, “yule ukuta hakugusa”, kisha nini? Mama amejuaje? Kama alikuwapo, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mtu huyo gizani, atasema *iknagti*. Kama ameambiwa na majirani, atasema *iknagru*. Mswada wa Kiswahili haukulazimika kulijibu swali hilo, lakini Kigirash kinalazimisha. Ninarudi kwa mwandishi, na tukichagua *iknagru*, mstari unabeba jambo ambalo halikuwamo mwanzoni: mama anamlaumu mtu kwa kutogusa, ilhali yeye mwenyewe anazungumza kwa kusikia tu. Binti anaweza kumjibu kwa neno moja, *Ru?*, na ugomvi wa sehemu tatu zinazofuata umeanza.

Hiyo ndiyo alama ninayoitumia kupima kama sarufi inafanya kazi. Ikiwa mistari yote 40 imetafsirika bila kukuuliza swali lolote, bado unaandika Kiswahili.

Hatua ya sita: wakabidhi waigizaji

Mwigizaji hakariri sarufi. Mpe mstari ulioandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, silabi inayokazwa ikiwa kwa herufi kubwa, maana ya kila neno chini yake, na sauti yako iliyorekodiwa mara mbili: mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa kasi na hisia za tukio lenyewe. Ukimpa ya polepole peke yake, ataigiza polepole, na kabila zima litasikika kama linasoma.

Kitakachoharibika kwanza ni mkazo. Mwigizaji wa Kiswahili ataukaza *nagash* sawasawa, kwa kuwa neno la silabi mbili linakubaliana na mazoea yake, lakini *iknagru* ataikaza katikati, na ukanushi utapotea. Tatizo hili limewakuta hata wakubwa. Neno *khaleesi* la Kidothraki, kwa kanuni za Peterson, hukazwa silabi ya kwanza. Waigizaji walikaza ya pili, na leo dunia nzima inalitamka kama waigizaji. Okrand alishughulikia jambo hili kwa hekima: mwigizaji alipokosea lakini akasikika vizuri, aliacha kosa likae na kurekebisha lugha ilifuate. Ninapendekeza kanuni iyo hiyo, kwa sharti kwamba kosa lisiguse kiambishi kinachobeba maana. *Lakhru* ikitamkwa *laru*, acha. *Nirru* ikitamkwa *nirti*, rudia kupiga picha.

Hatua ya saba: misimu huja baada ya lugha

Misimu ni maneno ya kundi ndani ya jamii, na kwa hiyo haiwezi kubuniwa kabla ya kujua jamii inaona aibu gani, inaheshimu nini, na vijana wake wanawaficha nini wazee. Anayebuni misimu kwanza huishia na maneno ya kuchekesha yasiyo na mwenyewe.

Kwa Girash jibu liko tayari ndani ya sarufi. Mtu mwenye heshima ni yule aliyegusa. Mtu wa aibu ni yule ambaye kila taarifa yake inaishia kwa -ru. Kwa hiyo tusi la wazee ni *ruash*, mtu wa kusikia tu. Vijana wamelifupisha na kulirudufu: *ruru*, umbea, habari isiyo na mgusaji. Vivyo hivyo, kelele ya hatari ya jiwe linaloporomoka, *gir lakhru*, imefupishwa midomoni mwa vijana wa machimboni kuwa *laru*, kisha ikahama kutoka kwenye mawe hadi kwa watu: mzee aliyepoteza cheo chake ni *laru*. Hivi ndivyo misimu inavyozaliwa mitaani. Neno bongo, lenye asili ya ubongo, lilihama kutoka kichwani likawa jina la Dar es Salaam na hatimaye la Tanzania. Neno hufupishwa, hurudufiwa au huhamishwa maana, lakini nyuzi zake za zamani hubaki zikionekana.

Njia moja ningeiepuka, nayo ni ya kugeuza silabi kama tunavyofanya katika kinyume, ambapo nyumba huwa mbanyu. Ni njia halisi na nzuri, lakini kila aliyecheza kinyume utotoni ataifungua siri ndani ya dakika moja.

Jambo gumu zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya tamthilia itasemwa kwa Kiswahili, na misimu italazimika kukaa ndani ya sentensi za Kiswahili. Hapa Sheng inatufundisha vizuri: huchukua mizizi kutoka kila upande lakini huivisha viambishi vya Kiswahili, na ndiyo maana inasemeka kwa kasi. Neno lako la kubuni lifanyiwe mtihani huo. *Ruru* linafaulu. Linakuwa kitenzi kama vile jibu na sahau, ambavyo haviishii kwa a na kwa hiyo havibadiliki mwisho vikikanushwa: anaruru, aliruru, haruru. Linakuwa nomino: “Acha ruru.” Linakuwa jina la mtu: “Yule mruru.” Neno *frack* la tamthilia ya Battlestar Galactica ya mwaka 1978, ambalo katika toleo jipya lilikuja kuandikwa *frak*, liliweza kudumu kwa sababu ya uwezo uo huo. Lilikaa popote ambapo tusi la Kiingereza hukaa, likiwa fupi na likifungwa kwa sauti ya kishindo, huku likipita kwenye kanuni za utangazaji.

Usitumie maneno mapya mengi kwa pamoja. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ninaruhusu neno moja tu la misimu, lisikike mara tatu: mara ya kwanza mahali ambapo maana iko wazi kutokana na tukio, mara ya pili kwa umbo tofauti kidogo, na mara ya tatu peke yake. Kisha ninampa msomaji ambaye hajaona mswada kurasa hizo na kumwomba anieleze maana. Akisema “uongo”, nimekaribia lakini sijafika, kwa sababu *ruru* inaweza kuwa kweli. Aibu yake ni kwamba hakuna aliyeigusa. Hapo ninarudi kwenye tukio la kwanza na kumweka mtu anayesema jambo la kweli na bado anaambiwa anaruru.

Misimu pia huzeeka haraka, na katika hili watunzi wengi husahau. Ikiwa tamthilia inaruka miaka kumi kati ya mkondo wa kwanza na wa pili, vijana wa mkondo wa pili hawawezi kusema *ruru* kwa ladha ileile. Mpe neno hilo mama wa mstari wetu, aliyekuwa hataki kulisikia nyumbani kwake, alitamke sasa kama neno la kawaida la mtu mzima, na bintiye amtazame bila kuliona jipya, huku watoto walioketi nyuma yao wakitumia neno ambalo mtazamaji hajawahi kulisikia.